Mafuta ya uso kwa mwenye pumu ya ngozi: ununue nini Mtwara na Lindi

Mwenye pumu ya ngozi usoni anapoingia dukani, asiulize "ipi nzuri?" bali "humu ndani kuna nini?" Ngozi ya uso, hasa ya kope, ni nyembamba, na ugonjwa huu huiacha na nyufa zisizoonekana kwa macho. Kitu ambacho mwenzako anapaka bila tabu, kwako kinapenya na kuwasha. Miongoni mwa vichokozi vikuu vya vipodozi ni manukato.

Kwa hiyo geuza kopo usome nyuma. Neno la kutafuta ni "Parfum". Kwingine huandikwa "Fragrance". Ukikuta "Linalool", "Limonene" au "Geraniol", hayo nayo ni manukato, ila yametajwa kwa majina yao. Na kuna mtego mmoja: "Unscented" ina maana kwamba hainuki tu. Huenda mtengenezaji ametia manukato kidogo ili kufunika harufu ya malighafi. Unachotaka ni "Fragrance free", na hata hapo iamini orodha ya nyuma kuliko maandishi makubwa ya mbele.

Namba moja ni mafuta ya mgando matupu, yale ambayo orodha yake ni neno moja tu, "Petrolatum". Hayana maji, kwa hiyo hayahitaji kihifadhi, na vihifadhi navyo huleta mzio. Tena ni rahisi na yapo kila duka. Angalia tu usichukue kopo la jirani yake lenye picha ya mtoto mchanga: mengi ya hayo yametiwa harufu, na picha ya mtoto si cheti. Kasoro yake ni joto la huku kwetu. Kaskazi ikipamba moto, jasho hunaswa chini ya mafuta na uso ukaanza kuwasha. Basi yapake usiku, ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kunawa.

Kwa mchana, namba mbili: krimu isiyo na manukato yenye "Glycerin" na parafini. Ni nyepesi na haichuruziki. Kwa kuwa ina maji, lazima iwe na kihifadhi. Ukiona "Methylisothiazolinone" irudishe. Yenye urea iache kwa ajili ya visigino, maana usoni penye nyufa huchoma. Chagua ya tyubu au ya pampu kuliko ya kopo la kuchovya vidole.

Mafuta ya nazi nayaweka ya tatu, ingawa ndiyo yaliyo karibu zaidi. Yaliyokamuliwa baridi hufaa ngozi kavu ya mwili, lakini usoni huweza kuziba vinyweleo, na yaliyopikwa nyumbani yakabaki na maji ya tui huchacha upesi. Yaliyotiwa karafuu usiyaguse kabisa.

Viwili vya kuacha dukani. Cha kwanza ni "Aqueous cream": haina harufu na inauzwa duka la dawa, ila mara nyingi ina "Sodium Lauryl Sulfate", ambayo ni kiungo cha sabuni, na ikikaa ngozini huidhoofisha. Cha pili ni krimu za kuchanganywa zisizo na orodha yoyote. Huenda zina steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba: uso unatulia wiki moja, ukiacha unalipuka kuliko mwanzo.

Sasa kiasi. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu. Uso na shingo huhitaji mistari miwili na nusu, yaani gramu 1.25. Ukipaka mara mbili kwa siku ni gramu 2.5, na kwa siku 30 ni gramu 75. Tyubu ya gramu 50 itakwisha siku ya 20, hata kama bei yake ilionekana nafuu.

Hata hivyo, ya kwanza nunua ndogo uijaribu. Paka sehemu ya ukubwa wa sarafu kwenye mkunjo wa kiwiko usio na ukurutu, asubuhi na usiku, kwa siku 7. Jaribio la usiku mmoja hudanganya, kwa sababu mzio wa ngozi huchelewa siku kadhaa. Kuungua papo hapo ni dalili kwamba krimu inaichokoza ngozi. Vipele vya kuwasha vinavyotokea siku ya tatu au ya tano na kuzidi ni mzio. Zote mbili, acha. Ikipita salama, anza taya la upande mmoja kwa siku 3 kabla ya uso mzima.

Jaribio hilo lisifanyike siku za kubangua korosho. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi yenyewe, na kidole kikigusa kope tu zinavimba, halafu lawama inaangukia krimu isiyo na kosa.