Cheti cha kronomita: kabla hujalipia, uliza habari ya sumaku

Msomaji wa Mombasa kaniandikia kwa hasira. Saa yake ya otomatiki, yenye cheti cha kronomita, yaani cha saa iliyopimwa ikaonekana inakwenda kwa usahihi, inawahi kama dakika 4 kwa siku. Muuzaji kamwambia aivae tu, itazoea. Itazoea nini?

Cheti hicho hutolewa na COSC, taasisi ya Uswisi ya kupima mwendo wa saa. Wanachopima ni mashine tupu, kabla haijavishwa kasha. Hukaa kwao siku 15, ikilazwa na kusimamishwa katika mikao 5, kwenye joto la nyuzi 8, 23 na 38. Ili ipite, wastani wake kwa siku usichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya 6. Baadaye kiwanda huifunga kwenye kasha, inasafirishwa, inakaa dukani, na hayo yote hayamo kwenye cheti.

Sumaku nayo haimo, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Ndani ya saa mna springi nyembamba kama unywele, imejiviringa, inapumua kwenda na kurudi. Ile ya kawaida ina madini yanayoshika sumaku. Ukiilaza saa juu ya spika au kwenye kifuniko cha mkoba chenye sumaku, mizunguko ya springi huweza kunatana. Springi inakuwa kama imefupishwa, saa inakimbia. Nilimwambia msomaji aisogeze karibu na dira ndogo. Mshale ukageuka. Fundi akaitoa sumaku kwa kifaa chake, kazi ya dakika chache, wala hakuifungua.

Kwa hiyo mimi nazipanga saa za kununua kwa springi kwanza, cheti baadaye. Namba moja ni Longines Spirit, na sifichi kwamba naipendelea: ina cheti cha COSC, na springi yake ni ya silikoni, ambayo haishiki sumaku. Namba mbili ni Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi. Hizi hupimwa zikiwa zimeshavishwa kasha, katika sumaku ya gausi 15,000, na zinatakiwa ziende kati ya 0 na sekunde 5 mbele kwa siku. Kwa ubora zingekuwa za kwanza, ila bei yake mtu wa mshahara ataisikia tu. Tatu ni Tissot Ballade ya silikoni yenye COSC. Hakikisha ni toleo hilo, si yoyote.

Ukitaka rahisi, Casio F-91W huahidi kutozidi sekunde 30 kwa mwezi, yaani kama sekunde 1 kwa siku, na hivyo huzishinda zote hizo. Basi.

Sasa hawa wauzaji. Mmoja alinionyesha vitufe viwili vya kupimia mbio, eti ndiyo kronomita yenyewe, na bei akapandisha hapo hapo. Hiyo ni kronografu, haina uhusiano na cheti. Mwingine ana saa ya mtumba ya miaka mingi, haijawahi kufanyiwa sevisi, anadai pesa ya cheti. Mwambie aiweke kwenye mashine ya fundi ya kupimia mwendo, mikao miwili mitatu, mkiangalia pamoja. Akigoma, mwachie saa yake.