Boksi gani la chipsi na samaki wa kukaanga? Mwongozo wa kununua kwa wenye hoteli Malindi

Mteja wangu wa kwanza kulalamika alikuwa Casuarina, na hakulalamika kwamba chakula kimepoa. "Dada, ngisi wako wamoto hadi nimejichoma ulimi," aliniandikia, "lakini ni kama wamechemshwa." Nilikuwa nimewafunga kwa foili, nikawatia kwenye boksi jeupe la povu, nikalibana sawasawa. Nilidhani kazi ya boksi ni kuzuia joto lisitoke, basi.

Kumbe kitu kilichotoka kwenye karai kina maji ndani hata kama nje kimekauka. Maji hayo huendelea kutoka kama mvuke kwa dakika kadhaa. Kwenye sahani mvuke unapotea hewani. Kwenye boksi lililobanwa unapanda hadi kifunikoni, unageuka matone, matone yanadondoka, na lile ganda kavu linayanywa yote. Boksi la vitu vya kukaanga kwa hiyo linafaa livujishe mvuke bila kumaliza joto, na huwezi kupata vyote viwili kikamilifu. Ukiziba unapata moto uliolowa. Ukiacha wazi unapata mkavu uliopoa. Mpangilio huu ni wa safari za boda za dakika 10 hadi 25 humu mjini: Shella, Maweni, Muyeye, Casuarina.

Nafasi ya kwanza naipa boksi la kadibodi ya kaki lenye matundu ubavuni, juu karibu na kifuniko. Angalia mahali matundu yalipo kabla ya kulipa. Yakiwa kwenye kifuniko tu, mwanaboda akipanga maboksi matatu, la juu linaziba la chini na umerudi pale pale. Ukikosa yenye matundu, nunua ya kawaida utoboe mwenyewe kwa kile kitoboleo cha karatasi cha ofisini, matundu manne kila upande. Mimi hutoboa asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Pitisha pia kidole ndani: kadibodi isiyopakwa kitu hunywa unyevu kidogo, na hiyo ni faida, lakini mafuta yataipenya. Dawa yake ni kipande cha karatasi isiyopitisha mafuta chini tu. Usikunje karatasi ikafunika chakula juu, maana hapo umetengeneza foili nyingine.

Mfuko wa kaki ni wa pili, na kwa chipsi tupu, bajia na viazi vya karai huenda ukawa wa kwanza. Unapumua pande zote na bei yake ni ndogo. Kosa lake ni joto: hautunzi, na ukijaza sana vya chini vinapondeka. Jaza nusu tu, uukunje mdomo mara moja bila kuubana kwa pini. Samaki mzima, tafi au changu, usimtie humu. Mapezi yanatoboa karatasi na mafuta yanamfikia mteja kwenye mapaja.

Maboksi ya makapi ya miwa ni ya tatu. Ni magumu, yanavumilia mafuta ya moto, na wageni wanayapenda. Lakini kifuniko chake hubana sana, kwa hiyo toboa hayo pia. Baada ya hapo ni trei za foili zenye kifuniko cha karatasi: nzuri mno kwa pilau, biriani na mchuzi, mbaya kwa chochote chenye ganda.

Mwisho kabisa naweka boksi la povu na lile la plastiki ya kuonekana. La povu linashika joto kuliko yote, na ndiyo maana linadanganya. Mvuke hauna pa kwenda, tena povu hilo hulainika likikaribia nyuzi 100, huku mafuta ya kukaangia yakiwa nyuzi 180. Nimeona chipsi zikichimba shimo chini ya boksi. La plastiki ya kuonekana lina uzuri mmoja: unaona matone yakijipanga kifunikoni, unapata somo bure.

Usiniamini mimi, jaribu. Kaanga chipsi za karai moja, gawa robo kilo robo kilo kwenye aina tatu za vifungashio, vifunge pamoja, uviache dakika 20 ndani ya begi la boda. Kisha shika chipsi moja kwa ncha, uinyooshe mlalo. Ikisimama, umepata boksi lako. Ikiinama kama kamba, hapana. Pitisha na kiganja chini ya kifuniko: kikilowa, matundu hayatoshi. Nilipofanya hivyo, za povu zilikuwa moto kuliko zote na zote ziliinama. Za mfuko wa kaki zilisimama lakini zilikuwa vuguvugu. Za kadibodi yenye matundu zilikuwa katikati, na hizo ndizo ningelipia pesa.

Sasa begi. Begi lenye bitana ya fedha ni lazima, kwa sababu ndilo linalorudisha joto ambalo matundu yanapoteza. Lakini likifungwa zipu hadi mwisho huwa chumba cha mvuke. Acha uwazi wa vidole viwili, tandika taulo kavu chini, ubadilishe ikilowa. Soda baridi zisipande begi moja na samaki. Chupa inatoka jasho, na jasho hilo linaishia kwenye kadibodi. Mwanaboda wangu alizoea kufunga kabisa. "Mama, vumbi," akasema, na alikuwa na haki. Tukakubaliana uwazi uelekee nyuma.

Boksi zuri haliokoi upishi wa haraka. Chipsi za kubeba zikaange mara mbili: kwanza mafuta ya nyuzi 150 hivi mpaka zilainike, zipoe, kisha nyuzi 180 mpaka zipate rangi, wakati mwanaboda yuko mlangoni. Zichuje kwenye waya, wala si kuzirundika juu ya karatasi, na zisubiri dakika mbili kabla ya kufunika ili ule mvuke wa kwanza, ulio mwingi kuliko wote, utokee jikoni. Kachumbari, ukwaju na chatne ya nazi viende kwenye vikopo vyake vyenye kifuniko. Ndimu iende nzima au nusu, mteja akamue mwenyewe.

Bei ifanye kwa oda. Tuseme boksi ni shilingi 25, karatasi 3, vikopo viwili 10, mfuko wa kubebea 12: hiyo ni 50 kabla ya boda. Ukiisahau kwenye chipsi na kuku za 400, unajua faida imekwenda wapi. Mfuko wa kubebea uwe wa karatasi, maana juala limepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017. Na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa na fukwe zilizolindwa, kwa hiyo oda ya kwenda upande wa hifadhi ya bahari iende na uma za mbao.

Oda za Watamu za vitu vya kukaanga nimeacha kuzipokea. Ni zaidi ya kilomita 20, na hakuna boksi nililojaribu lililofika huko na ngisi mkavu. Wakipiga simu nawauzia samaki wa kupaka na wali wa nazi, kwenye trei ya foili, zipu imefungwa hadi mwisho.