Kadi ya harusi kwa Kiingereza: dua zimepona, saa nusura zituaibishe

Binti wa dada yangu anaolewa, na baadhi ya wafanyakazi wenzake hawajui Kiswahili. Nikampata mfasiri mtandaoni, nikampigia kadi picha na kumtumia. Picha ya kwanza aliikataa papo hapo, kwa sababu maandishi ya dhahabu yalikuwa yamemeremeta kwa flashi na mstari wa tarehe haukusomeka. Nikaipiga upya karibu na dirisha, flashi nimezima.

Dua ndizo zilizonipa wasiwasi, na ndizo alizozifanyia kazi vizuri zaidi. Bismillahi aliiacha juu kama ilivyo. Chini ya "Barakallahu lakuma wa baraka alaykuma wa jamaa baynakuma fi khayr" aliweka maana yake kwa herufi ndogo za mlazo: Mungu awabariki, awateremshie baraka, awaunganishe katika kheri. "Kwa taadhima kubwa tunakualika" nayo haikugeuka kuwa "njoo harusini". Mgeni akiisoma anahisi ameheshimiwa.

Kwenye mavazi ndiko alikoteleza. Kadi ilisema: "Wanawake: dera na mtandio, sare rangi ya kijani. Wanaume: kanzu na kofia." Sare akaifasiri kwa neno la sare za shule. Shoga yake bibi harusi aliyeonyeshwa rasimu akauliza kama nguo zitagawiwa mlangoni! Mtandio nao ukawa kitambaa cha shingoni, wakati sisi tunataka kichwa kifunikwe. Nilipomweleza, mfasiri aliyaacha maneno dera, mtandio na kanzu yalivyo, akaongeza maelezo mafupi kwa kila moja, na sare akaiandika kuwa wanawake wanaombwa wavae kijani ili wafanane. Hapo kwenye "wanaombwa" nilimshukuru sana, maana kadi yetu haikuwa inaamrisha.

Sasa saa. Nikaha ni saa 10 alasiri, walima saa 2 usiku siku hiyohiyo. Ya nikaha aliigeuza sawasawa kuwa saa 4 ya Kiingereza. Ya walima akaisahau, ikabaki 2, tena ile ya usiku wa manane! Mgeni angefika sisi tumeshaosha masufuria na kulala. Niliigundua kwa sababu niliziweka kadi mbili ubavuni na kupitia tarakimu peke yake: kila saa ilipaswa kupishana na mwenzake kwa 6. Ya kwanza ilipishana, 10 na 4. Ya pili, 2 na 2. Aliisahihisha kuwa 8 usiku kabla sijamaliza kikombe cha chai, akaomba radhi.

Nimempa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na ile saa 2.