Prado imeinuliwa inchi 2, tairi gani zinafaa? Nimezipanga kuanzia bora

Naongelea Prado 120, ile inayokuja na 265/65R17, imeshapigwa springi na shokapu ndefu imepanda inchi 2, na hii ndo stori ya kila wiki, mtu anainua gari halafu anaona tairi zimekuwa vidogo anataka kubwa. Sawa, ila jua kwanza tairi ikiongezeka kipenyo ni nusu yake tu inayoinua difu kutoka chini. Nusu nyingine inaenda juu kwenye fenda kutafuta pa kugusa.

Namba 1: 265/70R17. Kipenyo kinatoka milimita 776 kwenda 803, yaani asilimia 3 na kidogo. Haigusi popote, rimu ni zilezile, gia huwezi hata kusikia tofauti. Difu inapanda milimita 13 hivi, najua ni kidogo, lakini kama gari ndo inabeba familia na mizigo chukua hii ulale.

Namba 2: 285/70R17, hizi ndo tunaita inchi 33. Milimita 831, asilimia 7 zaidi. Hapa lazima ujaribu kabla hujalipa: funga moja mbele, kata stelingi mpaka mwisho huku unarudi nyuma taratibu, usikilize. Mara nyingi inakwangua ile plastiki ya ndani ya fenda au kona ya bampa, fundi anakata kidogo au anaivuta kwa hita basi. Rudia na tairi moja ikiwa imepanda jiwe, maana gari ikiwa imesimama sawa inakudanganya.

Sasa gia. Chukua difu ya 3.909 (zipo na nyingine, angalia kibati cha gari lako), ukiweka 33 gari inavuta kana kwamba difu ni 3.65 hivi. Mjini utaona tu uzito kidogo wakati wa kuondoka. Ipakie watu na keria juu uipeleke Kitonga ndo utajua, otomatiki inapanda gia inashuka inapanda inashuka, mafuta ya gia yanachemka. Usiiache ihangaike, toa kwenye D uishikilie gia ya chini mpaka umalize mlima. Na spidomita nayo, ikisoma 50 kwa hesabu uko 53.5, zile spidomita za kiwandani huwa zinazidisha kidogo kwahiyo kwa 33 pengine inajisawazisha, ila pima na GPS kabla tochi haijakupimia.

Kwenye mzigo ndo watu wanachanganya kabisa. Ubavuni mwa tairi kuna namba, 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 117 ni kilo 1,285, 121 ni kilo 1,450. Mtu anaona 121 anapiga hesabu mara nne anasema gari yangu sasa inabeba tani karibu 6! Hapana jamani. Ekseli, breki na chesisi ni zilezile, uzito wa mwisho ni ule wa kwenye kibati, springi ngumu haziubadilishi. Tena mzigo unapungua, sababu 33 ya LT, yaani ile ngumu ya magari ya mizigo, ina kilo kama 25 na ile ya kiwandani 17 hivi, zidisha kwa tano na spea unapata kilo 40 zimeliwa kabla hujapakia hata begi.

Halafu ile 1,450 ya LT ya plai 10 ni kwa upepo wa psi 80. Ukiijaza 32 kama ulivyozoea haibebi hivyo, ikiwa na mzigo inabonyea ubavu na kupata joto. Hata gari ikiwa tupu, LT inataka upepo zaidi kidogo ya ule unaotosha tairi ya 117, na safari ya mzigo unaongeza tena. Ukitoka umbali uguse ubavu, ukiwa wa moto sana kuliko uso unaokanyaga barabara, upepo ni mdogo. Kama huendi kwenye mawe na hubebi sana, 285/70R17 117 ya kawaida ni nyepesi na laini kuliko LT.

Spea nayo nunua saizi hiyohiyo. Prado hii fo-wili ipo muda wote, tairi moja ndogo inaifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika. Na spea ikiwa ya mlango wa nyuma, bawaba zitaanza kugonga kwenye rafu rodi, kaza na angalia mpira wa kuzuia.

Namba 3, ya mwisho: inchi 35. Inchi 2 hazitoshi, utakata fenda, na difu ya 3.909 inakuwa kama 3.41, spidomita ikisoma 50 uko 57, breki zinasimamisha tairi nzito zaidi. Kurudisha nguvu unataka gia za difu za karibu 4.5, mbele NA nyuma kwa pamoja, ukibadilisha moja tu utaua kesi ya fo-wili. Ukipigiwa bei ya tairi peke yake, muulize fundi na bei ya hizo difu mbili ndo ujue unanunua nini.