Kubadilisha sakafu peke yake kwenye picha ya sebule: uzoefu wangu na ComfyUI

Kazi ilikuwa sebule ya nyumba ya mawe, Lamu. Sakafu ya saruji ya kijivu iliyosuguliwa ilitakiwa iwe vigae vyekundu vya udongo vya sm 30, vingine vyote vibaki vilivyo. Mteja alikuwa na PNG moja tu ya 1920 kwa 1080. Faili la nyumba yenyewe lingekuwepo, ningebadilisha sakafu humo na kutoa picha upya; hiyo bado ndiyo njia bora.

Nimetumia ComfyUI, programu ya bure ya kutengeneza picha kwa akili bandia kwa kuunganisha nodi, pamoja na modeli ya SDXL. Kosa la kwanza ni rahisi kulifanya: nodi ya `VAE Encode (for Inpainting)` hufuta kabisa kilichokuwa chini ya maski, yaani eneo ulilochagua libadilishwe, kwa hiyo vivuli vya miguu ya viti hupotea na fanicha huonekana zinaelea. `Set Latent Noise Mask` huacha sakafu ya zamani ichangie. Nikiwa na `denoise`, yaani kiasi cha kubadilisha, ya 0.75 vivuli vilibaki, kwenye 0.5 saruji ilikataa kuondoka.

Mistari ya vigae ndiyo iliyonisumbua zaidi. ControlNet ya kina, inayoiongoza modeli kwa umbali wa vitu, haisaidii hapa, kwa sababu sakafu bapa kwake ni mteremko laini usio na mistari. Vigae vya nyuma vikatoka vikubwa kuliko vya mbele. Dawa yake: nilichora gridi nyeupe juu ya nyeusi katika GIMP, nikavuta pembe zake nne kwa zana ya Perspective hadi ikalala sawa na kingo za kuta, kisha nikaipa ControlNet ya mistari kwa nguvu ya 0.8. Vigae vikanyooka.

Kiti cha enzi kinahitaji subira. Maski ikifunika ususi wake, modeli husuka upya inavyotaka. Niliuacha nje, nikapaka matundu rangi ya kigae kwa mkono. Kioo cha ukutani, kwa upande wake, lazima kiingie kwenye maski pale kinapoonyesha sakafu, la sivyo saruji hubaki humo.

Mng'ao wa mlango niliurudisha hivi: sakafu ya zamani bila rangi, ikasawazishwa kwa Levels hadi sehemu isiyo na kivuli wala mng'ao ikawa karibu 128, ikawekwa juu kwa Soft light, asilimia 50. Kilicho cheusi zaidi kikawa kivuli, cheupe zaidi kikawa mng'ao. Hii inafaa kwa sababu saruji haina nakshi. Sakafu ya vigae vya zamani ingeleta mistari yake pia.

Mwisho kabisa weka `ImageCompositeMasked` irudishe picha ya awali nje ya maski, maana VAE, inayoigeuza picha kuwa data ya modeli na kuirudisha, hubadilisha kidogo hata nakshi za zidaka zilizo nje ya maski. Wekundu ambao sakafu mpya ingeurushia ukuta mweupe hautokei wenyewe. Niliupaka chini ya ukuta, hafifu sana.