Posho Inayopungua Polepole na Posho Inayokatika Ghafla: Mfano wa Uingereza

Chukua Universal Credit, posho ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo. Mfanyakazi anayelipa kodi akiongezewa paundi 1, kodi ya mapato inachukua peni 20 na bima ya taifa peni 8. Zinabaki peni 72. Kisha posho inapunguzwa kwa asilimia 55 ya hizo 72, yaani karibu peni 40. Mfukoni zinaingia peni 32 tu. Kwa hiyo makato halisi ni asilimia 68 hivi, na nauli ya kwenda kazini bado haijatolewa! Hata hivyo, kila saa ya ziada inaongeza kitu.

Carer's Allowance, ya anayemtunza mgonjwa au mlemavu, ni kali zaidi. Mwaka 2025/26 ilikuwa paundi 83.30 kwa wiki, mradi mapato baada ya kodi yasizidi paundi 196. Aliyepata 197 alipoteza posho yote. Mtu huyo alikuwa maskini kuliko alivyokuwa kabla ya kuongezwa, na hakurudi alipokuwa mpaka afikishe paundi 279 na ushee. Tena wengi waliovuka kikomo bila kujua wamedaiwa baadaye fedha za miezi au miaka.

Kwangu mimi, kupunguza polepole ni bora, ingawa asilimia 55 ni nzito mno. Kukata ghafla kunamlazimisha mtunzaji akatae zamu anayoihitaji.