Programu ya kuondoa pumzi imenilia H zangu

Miezi kadhaa iliyopita nililipia programu ya kupunguza pumzi kwenye usimulizi, na hasira bado ninayo. Nilikuwa nimemaliza kujirekodi nikisoma sura nzima ya kitabu, ila pumzi zangu zilikuwa zinavuma kupita kiasi. Nikaipitisha sura yote, nikavaa hedifoni. Kila penye pumzi pamebaki kimya cha kaburi! Chumba chochote kina mvumo wake mdogo. Ukikatika, halafu ukarudi ghafla na neno linalofuata, msikilizaji anahisi sauti imekatwakatwa hata kama hajui kwa nini.

Hilo ningelivumilia. Lakini nilipofika kwenye "Hakuna aliyemjibu," nikasikia "akuna." Nikarudia mara nne. H imeliwa! S na F za mwanzo wa sentensi nazo zimefifia. Kwa programu hiyo herufi hizo ni pumzi tu, maana zote ni hewa inayopita bila koo kutetema. Niliwaandikia wahusika, mtu mmoja akanijibu kwamba nijifunze kupumua. Mimi, niliyelipa!

Nikaamua kufanya kwa mkono. Nilirudi kwenye rekodi ambayo haijapitia kompresa, kwa sababu kompresa ndiyo iliyozikuza pumzi: inabana maneno yenye nguvu, halafu ukipandisha kiwango cha jumla, pumzi nazo zinapanda. Nikachagua pumzi iliyo kabla ya "Hakuna." Niliposhusha desibeli 20, sentensi ikaanza kama mtu aliyesukumwa. Kwa desibeli 4 hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa desibeli 9 pumzi ikakaa nyuma ya maneno: ipo, lakini haikuvuti sikio. Ncha zake nikazififisha kwa milisekunde 15 hivi, na ile ya mwisho nikaimaliza kabla H haijaanza. Urefu wake sikuugusa, maana ukiufupisha, usomaji unaanza kukimbizana. Pumzi ndogo za katikati ya sentensi niliziacha zilivyo, na wala hazisumbui.

Sasa niseme kweli, ingawa inaniuma. Juzi niliifungua tena programu ileile, nikateremsha `Reduction` kutoka mwisho wake hadi 8 dB, nikapunguza na `Sensitivity`. Kwenye vituo virefu vya baina ya aya ilifanya vizuri kabisa, hata nikasikiliza mara mbili. Kumbe ilikuja imewekwa ifute, badala ya kupunguza, na hakuna aliyeniambia. Lakini H moja moja bado inazing'ata, kwa hiyo kila sentensi inayoanza na "ha" naikagua kwa sikio langu mwenyewe.

Nilitaka kuipa nyota moja. Kwa vile vituo virefu ningeipa tatu. Nikilikumbuka lile jibu, naiachia mbili.